Kwa wapangaji wangu wote: jinsi ya kulipa kodi kwa simu na kutunza risiti

Habari zenu wapangaji wangu, poleni na majukumu. Kuanzia kodi inayofuata nataka wote tulipane kwa simu, tuache kabisa mambo ya kunifuata na bahasha jioni au kumuachia mtoto wa jirani hela anishikie. Nimeona niandike barua moja ndefu kidogo ili kila mtu aisome kwa nafasi yake, awe wa vyumba vya uani, awe wa nyumba ya mbele, awe yule ambaye kodi yake analipiwa na kaka yake aliyeko Mwanza. Nitaituma kwenye grupu letu la watsapu na nitaibandika pale kwenye ukuta karibu na mita, ukiwa na swali nipigie.

Kitu kimoja kwanza. Namba yangu ya kupokelea kodi sitaiandika humu, na hata ukiiona imeandikwa kwenye grupu na mtu mwingine usiitumie. Namba ni ile iliyoko kwenye mkataba wako, ukurasa wa kwanza, chini ya jina langu kamili. Toa mkataba, angalia, isevu kwenye simu yako kwa jina la KODI NYUMBA, halafu nibip ukiwa na mkataba mkononi ili simu yangu ikiita nijue umeiandika vizuri. Baada ya hapo kila ukilipa unaichukua kutoka kwenye majina uliyosevu, huandiki tarakimu moja moja, mana wengi wanaokosea namba wanakosea pale pale kwenye kuandika kwa haraka.

Kwanini nakuwa mkali kwenye hili? Kwasababu ya zile meseji. Nyote mshazipata, "ile kodi ya nyumba nitumie kwenye namba hii, ya mpesa inasumbua, jina litatoka fulani". Mtu anayeituma hakujui, hajui unakaa wapi, anatuma kwa watu wengi sana kwa mpigo, na mwisho wa mwezi hawezi kukosa mtu mmoja ambaye ndo kweli alikuwa ameshika simu anataka kumlipa mwenye nyumba wake. Huyo mmoja anaona imeingia wakati mwafaka, anaamini, anatuma. Ndo maana inafanya kazi, siyo kwamba anayetapeliwa ni mjinga.

Iangalie vizuri hiyo meseji. Haina jina lako, haina namba ya chumba, haisemi kodi ni shilingi ngapi, mana mtumaji havijui. Halafu kile kipande cha "jina litatoka fulani" ndo chenye sumu. Jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha muamala linatoka kwenye usajili wa laini, ule wa alama za vidole na namba ya NIDA, mtumaji hawezi kulibadilisha kwa kuandika meseji. Anajua litatoka jina la mtu mwingine, kwahiyo anakuandaa mapema usishtuke. Mimi sitakuambia hata siku moja kwamba litatoka jina lingine. Likitoka jina ambalo siyo langu la kwenye mkataba, herufi kwa herufi, futa, acha, nipigie.

Na nikibadilisha namba kweli, nitakuja mwenyewe mlangoni kwako na karatasi, tutasaini wote wawili na itabanwa kwenye mkataba. Siyo kwa meseji, siyo kwa simu hata kama sauti unaiona ni yangu, siyo kwa kupitia dalali, siyo kupitia mwanangu. Ukipata meseji ya aina hiyo usimjibu, ifowadi kwenda 15040, utaletewa ujumbe wa kukuomba namba iliyotuma, unaiandika, basi. Hiyo ni huduma ya kuripoti namba za matapeli na inafanya kazi kwa mitandao yote.

Haya tuje kwenye kulipa kwenyewe.

Hela iweke kwenye laini yako wewe kwanza. Nenda kwa wakala na cash yako, akuwekee kwenye simu yako, subiri meseji iingie uone salio limepanda, ndo unitumie mimi. Najua kuna watu wanamwambia wakala "niwekee moja kwa moja kwenye namba hii ya mwenye nyumba", kwasababu kuweka hakuna makato na kutuma kuna makato, unaona umeokoa hela. Ila angalia kinachotokea. Meseji inakuja kwangu peke yangu, we hupati kitu, na kwenye meseji yangu jina linalosomeka ni la wakala, siyo lako. Sasa siku hiyo watu watatu wakifanya hivohivo kwa wakala mmoja mimi naona tu jina la duka mara tatu, nitajuaje ipi ya chumba namba 4 na ipi ya namba 6? Na siku tukibishana huna hata herufi moja kwenye simu yako ya kunionyesha. Tena kwa taratibu za mitandao wakala anatakiwa amuwekee hela mwenye laini, siyo mtu baki, kwahiyo mkitokea na tatizo yeye mwenyewe atajiweka pembeni. Usifanye hivo jamani.

Ukishaona salio, piga menyu ya mtandao wako. M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas (ile iliyokuwa Tigo Pesa) ni *150*01#, Airtel Money ni *150*60#, HaloPesa ni *150*88#. Chagua kutuma pesa. Kama mtandao wako na wangu ni mmoja unachagua kutuma kwenye namba ya simu, kama siyo mmoja tafuta sehemu ya kutuma mitandao mingine halafu chagua mtandao wangu, umeandikwa kwenye mkataba pembeni ya namba. Menyu huwa zinapangwa upya mara kwa mara kwahiyo usikariri kwamba nabonyeza 1 halafu 3, soma kila ukurasa. Wenye simu janja mkitumia aplikesheni ya mtandao ni vilevile, tofauti ni kwamba unaona vizuri zaidi.

Weka namba, weka kiasi. Hapo kwenye kiasi simama uhesabu sifuri. 150000 na 1500000 kwenye simu ndogo ya batani vinafanana sana, hasa usiku.

Halafu kuna namba ya siri na kuna ukurasa wa kuthibitisha. Kwenye huo ukurasa linatoka jina langu na kiasi, na unaulizwa uthibitishe au usitishe. Hapa ndo mahali rahisi zaidi pa kurudi nyuma bila kumuomba mtu, kwahiyo soma jina lote, siyo jina la kwanza tu. Likiwa sawa thibitisha. Namba ya siri unaiingiza wewe mwenyewe, siyo wakala, siyo kijana wa dukani anayekusaidia kwasababu macho hayaoni vizuri. Kwa wazee wangu wa uani ambao simu zinawasumbua, njooni kwangu au mwambieni mtoto wenu mnayemuamini, kuliko kumtajia mtu namba ya siri kibarazani watu wanasikia.

Makato ya kutuma ni ya kwako anayetuma, ya kutolea ni ya kwangu. Nasema wazi kwasababu nimeona watu wananiongezea "na ya kutolea", na wanafanya kwa ustaarabu kabisa, nawashukuru, ila naomba muache. Kodi ya miezi mitatu ikiwa 450,000 nitumie 450,000 kamili. Ukinitumia 458,000 mimi nikifungua meseji miezi mitano baadaye sikumbuki ile 8,000 ilikuwa ya nini, we utasema ni ya kutolea, au utakuwa umesahau na utasema ni kodi ya mbele, na wote wawili hatudanganyi, ni kwamba namba hairuhusu kujua. Kodi kamili ikiingia kamili, meseji inajieleza yenyewe.

Ukishatuma, utapata meseji ya kuthibitishwa. Meseji ya kweli inatoka kwenye jina la mtandao, haitoki kwenye namba ya kawaida ya simu, na ndani yake kuna namba ya muamala (wengine wanaiandika kumbukumbu namba), kiasi, jina langu, tarehe na saa, makato na salio lililobaki. Usipoipata ndani ya dakika chache usikimbilie kutuma mara ya pili! Angalia salio kwanza. Kama salio halijapungua basi hela haijaenda, rudia. Kama limepungua hela imeenda au iko njiani, subiri, niulize kama imefika, ukiona kimya piga 100 huduma kwa wateja ya mtandao wako. Wanaotuma mara mbili wanakuwa wamekosa subira tu wakati mtandao ulikuwa mzito.

Halafu nitumie meseji moja fupi ya kawaida, siyo lazima stori ndefu. Iwe hivi: "Chumba 4, kodi 1 Juni hadi 31 Agosti, 450,000, nimetuma mwenyewe". Kama ametuma mtu mwingine andika jina lake kama lilivyo kwenye laini yake, mfano "ametuma kaka yangu", halafu jina. Hii ni muhimu kuliko mnavyodhani kwasababu simu yangu inaniletea jina la mwenye laini, haijui chumba. Mume akitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mke wake, mimi naona jina ambalo halipo kwenye mkataba wowote.

Kwa wanaotuma kutoka mtandao mwingine kuna jambo moja la kuzingatia. Namba ya muamala kwenye meseji yako na kwenye meseji yangu mara nyingi hazifanani, kwasababu kila mtandao unatoa namba yake. Usishtuke ukaona nimeandika namba tofauti, na mimi sitakushtukia. Kwa hao nitakuwa naandika zote mbili kwenye risiti, ya kwako na ya kwangu, kwahiyo unitumie ya kwako.

Sasa risiti, na hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi kuliko hata kwenye kutuma.

Meseji ya mtandao inathibitisha hela imetoka kwako imefika kwangu. Haithibitishi ni ya nini. Inaweza ikawa kodi, inaweza ikawa deni la maji, inaweza ikawa mchango wa kunyonya choo. Kinachosema ni ya nini ni risiti yangu, ndo maana hata ukilipa kwa simu lazima nikuandikie karatasi. Nina kitabu cha risiti chenye kaboni, ya juu unachukua wewe, ya chini inabaki kitabuni. Jumamosi asubuhi huwa nipo pale nyumbani, aliyelipa katikati ya wiki anapitia risiti yake, na kama haupo naiacha kwenye bahasha kwa mama wa chumba namba 1 imefungwa. Ikipita wiki mbili hujapata risiti nidai kama unavyodai hela yako.

Kabla hujaipokea isome nikiwa hapohapo. Angalia jina lako na chumba. Angalia kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, mana tarakimu ni rahisi kuongezewa sifuri na maneno siyo rahisi. Angalia tarehe ya kulipa, namba ya muamala, saini yangu. Na kikubwa kuliko vyote angalia kipindi, kuanzia tarehe ngapi hadi tarehe ngapi. Risiti ikiandikwa "kodi ya miezi mitatu" peke yake ikatae, nirudishie niandike upya, hata mimi mwenyewe nikiwa na haraka nakuruhusu unikatalie. Miezi mitatu ipi? Ugomvi mwingi wa kodi ambao nimeona unafika kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa siyo wa kusema hujanilipa kabisa, ni wa hapo, mmoja anasema umelipa hadi mwezi wa nane mwingine anasema hadi mwezi wa tisa, na kila mtu ana karatasi yake na zote zimeandikwa "miezi mitatu".

Ngoja nitoe mfano mzima ili ieleweke, kodi 150,000 kwa mwezi, inalipwa miezi mitatu mitatu.

Mpangaji wa chumba 4 kipindi chake kinaisha tarehe 31 Mei. Anatakiwa alete 450,000. Tarehe 28 Mei ana 300,000, ananipigia tunaongea, tunakubaliana iliyobaki atamalizia kabla ya tarehe 10. Anatuma 300,000 na meseji, "Chumba 4, sehemu ya kodi 1 Juni hadi 31 Agosti, 300,000, baki 150,000". Mimi naandika risiti: imepokelewa laki tatu, tarehe 28 Mei, sehemu ya kodi ya 1 Juni hadi 31 Agosti, imebaki laki moja na nusu. Tarehe 9 Juni anamalizia, 150,000. Naandika risiti ya pili, tarehe 9 Juni, kumalizia kodi ya kipindi kilekile 1 Juni hadi 31 Agosti, baki hakuna.

Unaona, ana risiti mbili na zote zina kipindi kimoja. Kosa ambalo ni rahisi sana kufanyika hapo ni ile risiti ya kwanza kuandikwa "1 Juni hadi 31 Julai" kwasababu laki tatu ni sawa na miezi miwili, halafu ya pili ikaandikwa kwa kuanzia tarehe aliyolipa, "9 Juni hadi 9 Julai". Hapo ukisoma ya pili peke yake unaona kodi yake inaisha 9 Julai, wakati amelipa hadi mwisho wa Agosti. Tarehe ya kulipa na kipindi kinacholipiwa ni vitu viwili tofauti, visichanganywe. Ukichelewa kulipa siku tisa kipindi chako hakisogei siku tisa, kinaanza palepale kilipoishia cha kwanza, na ukiwahi kulipa wiki moja kabla pia hupotezi hiyo wiki.

Kuhusu kutunza. Simu zinaibiwa, zinaingia maji, watoto wanafuta meseji zote kupata nafasi ya magemu. Kwahiyo siku hiyohiyo uliyolipa fanya mambo mawili. Piga skrinshoti ya meseji ya mtandao na uitume mahali nje ya hiyo simu, kwa mke, kwa dada, kwenye barua pepe yako, au hata kwangu, ikikaa kwangu kwenye watsapu na kwako ni ileile. Wenye simu za batani fowadini meseji kwenye namba ya mtu mnayemuamini. Hakikisha haikati namba ya muamala na tarehe, wengi wanapiga picha nusu, inaonekana kiasi tu.

Jambo la pili ni daftari. Chukua daftari dogo la kurasa 40 tu, chora mistari, andika tarehe uliyolipa, kiasi, namba ya muamala, kipindi, na namba ya risiti yangu. Mstari mmoja kwa kila malipo. Inakuchukua muda mdogo sana, na huo mstari ndo utakaokusaidia simu ikipotea, kwasababu ukiwa na tarehe na namba ya muamala mtandao unaweza kuufuatilia. Rekodi haifi na simu, inabaki kwao. Taarifa fupi ya miamala ya mwisho unaipata kwenye menyu, sehemu ya akaunti yako, ila hiyo inaonyesha miamala michache tu ya karibuni. Ya miezi mingi nyuma unaenda kwenye duka la huduma kwa wateja la mtandao wako na kitambulisho chako, unaomba taarifa ya miamala ya kipindi fulani. Lazima uende mwenye laini mwenyewe, kwahiyo kama alituma kaka yako Mwanza ni yeye atakayeenda kule kule.

Risiti zangu za karatasi ziweke pamoja na mkataba kwenye faili la plastiki au bahasha ya kaki, siyo chini ya godoro, maji ya mvua yakiingia wote tunajua yanapoanzia. Kama kuna siku ulilipa benki kwa wakala akakupa kile kikaratasi kinachotoka kwenye mashine, usikitegemee, maandishi yake yanafifia yenyewe hasa kwenye joto, baada ya miezi unabaki na karatasi nyeupe. Kipige picha siku hiyohiyo au kitoe kopi.

Mkihama pia msitupe. Kaa nazo angalau mpaka tumemaliza mambo yote ya kukabidhiana chumba, bili ya maji na funguo, na nimekuandikia kwamba sikudai.

Ukikosea ukatuma kwa mtu mwingine. Kwanza usizime simu kwa hasira na usianze kumpigia huyo mtu kumtukana. Piga 100 hapohapo, wape namba ya muamala, waambie umekosea namba, waombe waizuie. Kinachoamua hapa ni muda, hela ikiwa bado iko kwenye laini ya aliyepokea kuna nafasi ya kurudishwa, akishaitoa kwa wakala inakuwa kazi nyingine kabisa na unaweza kuishia polisi. Halafu nijulishe mimi. Sitasema umelipa kwasababu haijafika kwangu, lakini nitajua unahangaika na nitakupa siku za kufuatilia, cha msingi unionyeshe ile meseji. Na angalia sana, baada ya kulalamika unaweza kupigiwa na mtu anajifanya ni wa mtandao, "tunakurudishia hela yako, tutajie namba ya siri". Mtandao hauulizi namba ya siri, hata kidogo.

Kuna hili la LUKU limeulizwa mara nyingi kwa hiyo naliweka. Wapangaji wa nyumba ya mbele mnaonunua umeme, mnaona kila mwezi kuna hela inakatwa pembeni ya umeme, hiyo ni kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida kama hii (za ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu). Ilianza kukusanywa kwa LUKU mwaka 2021. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, yani mimi, siyo yako. Tunzeni meseji ya LUKU inayoonyesha makato, mniletee Jumamosi tunayochukuliana risiti, nawarudishia. Kwa miezi mitatu ni 4,500. Ila msiikate kwenye kodi wenyewe mkanitumia 445,500, tumeni 450,000 kamili na mimi nitawatumia 4,500 peke yake kwa simu, na nyie mniandikie kwamba mmeipata. Nataka nyie muwe na karatasi za hela yangu na mimi niwe na zangu kwa hela yenu.

Mwisho kuhusu siku. Kodi inatakiwa iwe imefika kabla kipindi kipya hakijaanza, kama hali ni ngumu ongea na mimi mapema kama yule wa kwenye mfano, tutagawanya mara mbili. Ukiona kiasi kinakataliwa kwasababu umefika kikomo cha siku cha laini yako, tuma nusu leo nusu kesho, kila nusu na meseji yake yenye kipindi kilekile, nitakuandikia risiti mbili. Wenye mikataba ambayo ukurasa wa kwanza umechanika au namba haisomeki, leteni Jumamosi hii niandike upya na tusaini kabla hamjatuma chochote.

Baba mwenye nyumba